Matawi Yaliyokatizana

Jioni moja nilikuwa nikisahihisha madaftari ya kidato cha tano katika chumba cha walimu, kwenye shule iliyo pembezoni mwa jiji la Dodoma, nikafika kwenye daftari ambalo mwenyewe alikuwa amechora kitu ambacho mazoezi ya uchanganuzi wa sentensi hayakukitarajia. Swali lilitaka sentensi ifuatayo ichanganuliwe kwa njia ya matawi: "Zabibu wakulima wameziuza." Wanafunzi wengi walikuwa wameipanga upya kwanza, wakaandika "Wakulima wameziuza zabibu," kisha wakachora mti wao bila taabu. Huyu aliiacha kama ilivyo. Aliweka zabibu kushoto, wakulima katikati na wameziuza kulia, kisha akavuta tawi kutoka kwenye kirai kitenzi hadi kwenye zabibu, na tawi hilo likalazimika kulikata lile lililoshuka kutoka kwenye sentensi hadi kwa wakulima.

Pembeni aliandika kwa penseli: "Mwalimu, shamirisho huwa ndani ya kirai kitenzi, lakini hapa wakulima wameingia katikati. Nifanyeje?"

Sikumpa alama, wala sikumnyima.

Nilijua kanuni ambayo angeambiwa na mtahini yeyote, kwamba matawi hayakatizani. Nilichokosa ni sababu ambayo ningeweza kumpa nikiwa nimesimama mbele yake, na kwa wiki kadhaa kila nilipopita karibu na wauza zabibu sentensi ile ilinirudia.

## Mchoro mmoja, kazi mbili

Tunapomfundisha mwanafunzi kwamba sentensi (S) ni KN, yaani kirai nomino, na KT, yaani kirai kitenzi, na kwamba KT ni kitenzi pamoja na KN nyingine, tunauomba mchoro mmoja utueleze mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni maneno gani yamekaa pamoja na kwa mpangilio upi. La pili ni nani ametenda na nini kimetendwa, kwa sababu tunamwambia kwamba KN iliyo chini ya S moja kwa moja ni kiima, na ile iliyo chini ya KT ni shamirisho. Sentensi inapofuata mpangilio tuliouzoea, majibu ya maswali hayo mawili yanalingana na hakuna anayegundua kwamba yalikuwa maswali mawili.

Katika "Zabibu wakulima wameziuza" majibu yanaachana. Kwa mpangilio, zabibu ziko mbali na kitenzi. Kwa uhusiano, zabibu ndizo zilizouzwa. Mwanafunzi wangu alijaribu kuyaheshimu majibu yote mawili katika karatasi moja, na matawi yakakatizana.

Sarufi geuza maumbo zalishi ilikuwa na njia yake ya kutoka hapo: kuna sentensi ya ndani yenye mpangilio wa kawaida, kisha shamirisho linahamishwa kwenda mbele. Wanafunzi walioipanga upya sentensi kabla ya kuichora walifanya karibu jambo hilohilo bila kulijua. Mwanaisimu Joan Bresnan alikuwa mwanafunzi wa Noam Chomsky, mwasisi wa sarufi hiyo, kwa hiyo njia hiyo aliifahamu kutoka ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yeye na Ronald Kaplan walianza kujenga sarufi ambamo hakuna kinachohamishwa, na mwaka 1982 maelezo yake kamili yalichapishwa. Mimi huiita kwa Kiswahili Sarufi Leksia Amilifu, na hatua yake ya kwanza ni kuyatenga maswali yale mawili.

Kuna muundo wa viambajengo, ambao ni mti wa kawaida unaoonyesha maneno yamekaa wapi. Na kuna muundo wa uamilifu, ambao si mti hata kidogo. Ni orodha ya sifa na thamani zake: kiima ni nani, shamirisho ni nini, wakati ni upi. Orodha hiyo haina kushoto wala kulia.

Miundo hiyo miwili ipo kwa pamoja, kila mmoja ukiwa kamili, na kinachoiunganisha ni maagizo madogo yanayoandikwa kwenye mti.

## Maagizo kwenye matawi

Nitayaonyesha kwa sentensi isiyo na utata, "Wakulima wameuza zabibu," isiyokuwa na kiambishi cha shamirisho. Kanuni zake ni zilezile za darasani, ila kila tawi limeongezewa agizo:

```
S  →  KN            KT
      (↑KIIMA)=↓    ↑=↓

KT →  T      KN
      ↑=↓    (↑SHAMIRISHO)=↓
```

Mshale wa juu unamaanisha taarifa za kifundo, yaani mahali matawi yanapokutana, kilicho juu yangu, na wa chini unamaanisha taarifa zangu mwenyewe. Kwa hiyo agizo la kwanza linasomeka hivi: taarifa zote za kirai hiki nomino ziwe thamani ya KIIMA katika orodha ya sentensi. Agizo la `↑=↓` linasema kwamba kifundo hiki hakina orodha yake peke yake. Kila kinachokijua ni mali ya kilicho juu yake. Ndiyo maana kitenzi, ingawa kimejificha ndani ya KT, kinazungumza kwa niaba ya sentensi nzima.

Maneno nayo huja na taarifa zake kutoka kwenye leksia, yaani kamusi ya sarufi. Wakulima huleta sifa iitwayo PRED, yenye maana ya neno, pamoja na ngeli ya A-WA na idadi ya wingi. Kitenzi huleta PRED yenye madai: `'uza<KIIMA, SHAMIRISHO>'`, yaani nataka kiima na nataka shamirisho. Kiambishi wa- kinatamka jambo lake pia, kwamba KIIMA cha sentensi hii ni cha ngeli ya A-WA, katika wingi. Taarifa hizo zote zinapomiminwa katika orodha moja, zile zinazokubaliana huungana na zile zinazopingana huiangusha sentensi. "Wakulima imeuza zabibu" inaanguka kwa sababu hiyo tu: KIIMA kimeambiwa na nomino kwamba ni cha A-WA, na kimeambiwa na kiambishi kwamba si cha A-WA.

Hapo nilitulia kidogo, kwa sababu niliona kitu ambacho mti wa darasani hauwezi kukionyesha.

Taarifa kuhusu kiima imetoka sehemu mbili za sentensi zisizokaa pamoja, yaani nomino na kiambishi kilicho ndani ya kitenzi, na zote zimeangukia mahali pamoja. Mzigo ulioandikwa jina la mwenyewe hutoka kwenye buti la basi la Dar es Salaam na kumfikia anayehusika, hata kama makuli waliupanga chini ya mingine yote. Kiambishi wa- ndilo jina hilo. Na ikiwa kiima kinaweza kutambuliwa kwa kiambishi, basi nafasi yake kwenye mti haina tena ulazima wa kutuambia kwamba ndicho kiima.

## Sita na mbili

Mwaka 1987 Bresnan na Sam Mchombo, mwanaisimu kutoka Malawi, walichapisha uchunguzi wao wa Kichewa, lugha ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuusoma mfumo wake wa viambishi karibu kama wake mwenyewe. Waligundua kwamba sentensi yenye kiima, kitenzi na shamirisho, ikiwa kitenzi kina kiambishi cha shamirisho, inakubali mipangilio yote sita. Kiambishi hicho kikiondolewa, inabaki mipangilio miwili tu: kiima, kitenzi, shamirisho; au kitenzi, shamirisho, kiima.

Nilichukua kalamu nikajaribu kwa zabibu.

"Wakulima wameziuza zabibu." "Wakulima zabibu wameziuza." "Zabibu wakulima wameziuza." "Zabibu wameziuza wakulima." "Wameziuza wakulima zabibu." "Wameziuza zabibu wakulima." Baadhi zinahitaji kituo cha pumzi kabla ya neno la mwisho, lakini sioni hata moja ambayo mtu wa hapa angeikataa. Nikaondoa -zi-. "Wakulima wameuza zabibu" ni nzuri, na "Wameuza zabibu wakulima" ni nzuri. "Wameuza wakulima zabibu" ilinikwama kooni, na "Wakulima zabibu wameuza" ilitaka mazingira ya pekee ambayo nitayarudia baadaye, kwa sababu yalinisumbua.

Kwa nini sita, na kwa nini mbili?

Jibu la Bresnan na Mchombo linaanzia kwenye sifa ile ya PRED. Sifa nyingine zikitajwa mara mbili huungana, kama ngeli ya kiima ilivyotajwa na nomino na kiambishi bila ugomvi. PRED haiungani. Kila PRED ni ya pekee, na orodha moja haiwezi kubeba mbili, hata zikifanana. Sasa tuseme kiambishi -zi- si upatanisho mtupu bali ni kiwakilishi kamili, chenye PRED yake ambayo kwa mazoea huandikwa `'pro'`. Basi shamirisho la "wameziuza" limeshapatikana ndani ya kitenzi chenyewe. Nomino zabibu ikikaa ndani ya KT chini ya agizo la `(↑SHAMIRISHO)=↓`, italeta PRED ya pili mahali palipokwisha kujaa, na sentensi itaanguka.

Lakini "Wakulima wameziuza zabibu" haianguki. Kwa hiyo zabibu, pamoja na kufuata kitenzi moja kwa moja, haziko ndani ya kirai kitenzi.

Sentensi hiyo imekuwa ikichorwa ubaoni kwa miaka, zabibu zikiwekwa chini ya KT bila mtu kuuliza. Kwa maelezo haya zabibu ni mada, kitu kinachozungumziwa, na kirai chake ni ndugu wa kiima na wa kirai kitenzi, vyote vitatu vikiwa moja kwa moja chini ya S:

```
S  →  KN           ,  KN          ,  KT
      (↑KIIMA)=↓      (↑MADA)=↓      ↑=↓
```

Mikato katika kanuni hiyo ina maana: inasema viambajengo hivi vinaweza kupangwa vyovyote. Viambajengo vitatu vinapangika kwa njia sita. Kiambishi kisipokuwepo, shamirisho lazima liwe ndani ya KT pamoja na kitenzi, likifuata kitenzi, hivyo kinachobaki chini ya S ni viwili tu, kiima na KT, navyo vinapangika kwa njia mbili. Uhuru wa mpangilio umetokana na kiambishi kimoja, na hesabu yake inatoka sawasawa bila kuhamisha neno lolote.

Orodha ya uamilifu ya mipangilio yote sita ni moja:

```
PRED        'uza<KIIMA, SHAMIRISHO>'
WAKATI      timilifu
KIIMA       [PRED 'mkulima', NGELI A-WA, IDADI wingi]
SHAMIRISHO  [PRED 'pro',     NGELI I-ZI, IDADI wingi]
MADA        [PRED 'zabibu',  NGELI I-ZI, IDADI wingi]
```

MADA na SHAMIRISHO ni vitu viwili, na uhusiano wao ni ule wa nomino na kiwakilishi kinachoirejelea, ndiyo maana ngeli lazima zilingane. Hakuna tawi linalotoka kwenye KT kwenda kwa zabibu, hivyo hakuna tawi la kukatizwa.

Kuna njia ya kuupima mchoro huu kwa sikio. Ikiwa zabibu katika "wameuza zabibu" ziko ndani ya KT pamoja na kitenzi, na katika "wameziuza zabibu" ziko nje, basi kielezi kinapaswa kupita kirahisi zaidi katika sentensi ya pili. Ndivyo ilivyo: "Wameziuza jana, zabibu" inasikika sokoni kila siku, ilhali "Wameuza jana zabibu" inasikika kama ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kwa Kichewa ushahidi ulikuwa mzito zaidi, kwani toni za kitenzi hubadilika kinapokuwa mwisho wa kirai, na zilionyesha ukingo wa kirai hicho pale pale sarufi ilipotabiri.

## Mtu si zabibu

Ningeishia hapo kama Kiswahili kingekuwa Kichewa.

Shaka yangu ilianza na sentensi fupi: "Umemwona nani?" Nani ni neno la kuulizia. Haliwezi kuwa mada, kwa sababu mada ni kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari, na anayeuliza nani hajui. Kwa hiyo nani lazima liwe shamirisho lenyewe, ndani ya KT. Lakini -mw- imo, na ikiwa -mw- ina PRED yake, sentensi ingepaswa kuanguka. Haianguki. Kwa Kiswahili sanifu kinachotia shaka ni "Umeona nani?"

Nikalinganisha na kitu kisicho mtu. "Umesoma nini?" ni sahihi, na "Umekisoma nini?" haiwezekani. Hapo kiambishi na neno la kuulizia vinagombania nafasi moja, kama Bresnan na Mchombo walivyotabiri.

Jaribio la pili linatumia maneno yasiyorejelea mtu au kitu maalumu, ambayo nayo hayafai kuwa mada. "Sijamwona mtu yeyote" ni sentensi ya kila siku. "Sijasoma kitabu chochote" ni ya kila siku pia, lakini "Sijakisoma kitabu chochote" inanikwaza, na niliowauliza walikunja uso kabla ya kujibu. (Kwa "kitabu gani" majibu yalitofautiana, nadhani ni kwa sababu gani huchagua katika vitu vinavyojulikana, hivyo hukaribia kuwa mada.)

Hii ilinifanya niweke kando wazo kwamba Kiswahili kina kiambishi cha shamirisho cha aina moja.

Marekebisho yenyewe ni madogo kuliko nilivyohofia. Katika leksia, kiambishi cha shamirisho cha vitu huleta PRED kwa lazima, na cha watu huileta kwa hiari, hiari hiyo ikionyeshwa kwa mabano ya nje:

```
-ki-, -zi-   (↑SHAMIRISHO PRED)='pro'
-m-, -wa-    ((↑SHAMIRISHO PRED)='pro')
```

Kiambishi cha kiima kimekuwa na hiari hiyo siku zote. "Wameziuza" pekee ni sentensi kamili, kwa sababu wa- imeamua kuwa kiwakilishi. "Wakulima wameziuza" ni kamili pia, kwa sababu safari hii wa- imebaki kuwa upatanisho na kumwachia nomino PRED. Tulichokifanya ni kusema kwamba, kwa watu, kiambishi cha shamirisho kimefuata njia ya kiambishi cha kiima.

Matokeo yake ni kwamba "Mkaguzi amewaona walimu" ina miti miwili inayofaa: mmoja una walimu ndani ya KT, mwingine una walimu nje wakiwa mada. Maneno ni yaleyale, na mara nyingi kituo cha pumzi ndicho kinachotofautisha. Dai hili linapimika, kwa sababu nani, lisiloweza kuwa mada, linapaswa kung'ang'ania mahali pake. "Umemwona nani jana?" ni sawa. "Umemwona jana nani?" inayumba, ilhali "Nimemwona jana, yule mwalimu" haina tatizo. Kiambishi ni kilekile katika zote tatu. Kilichobadilika ni kama nomino inaweza kutoka nje ya kirai.

## "Nyama sili"

Sasa yale mazingira ya pekee.

Mtu akikaribishwa chakula anaweza kusema "Nyama sili," na duka likiishiwa tunasikia "Sukari hajaleta, majani ya chai ameleta." Shamirisho liko mbele, kiambishi hakuna, na hesabu ya Kichewa ingesema mipangilio hiyo imekatazwa. Ilinichukua muda kukubali kwamba huu si uzembe wa lugha ya mitaani, kwa sababu wazee wanaozungumza kwa utaratibu huisema vilevile.

Kinachofanana katika mifano hii ni kwamba nomino ya mbele haimaanishi kitu maalumu. Anayesema "Nyama sili" anasema kuhusu nyama kwa ujumla, ikilinganishwa na vyakula vingine. Akisema "Nyama hii siili," anaonyesha sahani. Kiwakilishi kinahitaji kitu cha kurejelea, na nyama kwa ujumla wake haikipi kitu hicho.

Sarufi yenyewe ina mlango wa pili ambao sikuuona niliposoma haraka. Sharti lake ni kwamba kilichowekwa nje ya kirai kwa ajili ya mazungumzo, kiwe mada au msisitizo, lazima kifungamane na kitu katika madai ya kitenzi, na ufungamano huo una njia mbili. Ya kwanza tumeiona: mada inarejelewa na kiwakilishi, na orodha inabaki na vitu viwili. Ya pili ni kitu kimoja kushika nafasi mbili, ambapo agizo linasema `(↑MADA)=(↑SHAMIRISHO)`, na orodha ya nyama inakuwa ileile chini ya majina yote mawili. PRED hapo ni moja, kwa hiyo upekee wake haujavunjwa, na madai ya kitenzi yametimizwa.

Na njia hizo haziwezi kuchanganywa. Kiambishi cha kitu kikiwepo, chenye PRED yake, njia ya pili imefungwa. Kisipokuwepo, kitenzi kinadai shamirisho na ya kwanza haina kiwakilishi cha kutumia. Hivyo "Zabibu wakulima wameziuza" na "Zabibu wakulima wameuza, karanga hawajauza" zina miti inayofanana kabisa, ila orodha zao za uamilifu ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo masikio yetu huisikia kama zabibu zile tunazozijua dhidi ya zabibu kama aina ya zao. Kama tungekuwa na mti peke yake, tusingekuwa na mahali pa kuiandika tofauti hiyo.

## Pale viambishi visipotosha

"Mjomba shangazi amemwita."

Nani kamwita nani? A- inakubali yeyote kati yao, na -mw- vilevile. Sarufi inatoa orodha mbili za uamilifu kwa mti mmoja, na haina haki ya kuchagua. Watu wa kawaida huchagua, kwa mazingira au kwa kudhani wa kwanza ni mtendaji, lakini upendeleo huo si kanuni, maana anayeweka kituo baada ya mjomba na kumkazia sauti shangazi anaweza kutufanya tusikie kinyume. Naona ni heri sarufi ikiri utata uliopo kuliko mti unaolazimisha jibu.

Lugha zenye alama kwenye nomino hazina shida hiyo. Katika Kiwarlpiri cha Australia, mtendaji wa kitenzi elekezi hubeba kiishilio chake: ngarrka ni mwanamume, na ngarrkangku ni mwanamume akiwa mtendaji. Sentensi "Ngarrkangku ka wawirri pantirni," mwanamume anamchoma kangaruu kwa mkuki, inaweza kupangwa vyovyote mradi neno saidizi ka libaki la pili. Mwanaisimu Ken Hale alionyesha mwaka 1983 kwamba hata kirai kimoja kinaweza kugawanyika: "Wawirri kapirna pantirni yalumpu," nitamchoma kangaruu yule, ambamo kangaruu yuko mwanzoni na yule yuko mwishoni. Hakuna mti wa KN unaoweza kuyashika maneno hayo mawili bila kukatizana na mengine. Kwenye orodha ya uamilifu yote mawili huandikiwa `(↑SHAMIRISHO)=↓`. La kwanza linaleta PRED, la pili halina PRED, linaleta uonyeshi tu, kwa hiyo yanaungana.

Hata bila kutoka mkoani kwetu tunao mfano wa taarifa kukaa mbali na inachokihusu. Katika Kisandawe cha wilaya ya Chemba, kiambishi kinachotaja nafsi ya kiima kinaweza kupachikwa kwenye neno lisilo kitenzi, kwa mfano shamirisho. Mtu anayetafuta kiima kwa kuangalia nafasi yake kwenye mti atapata taabu. Anayeuliza taarifa za kiima zimeletwa na nini atafika.

## Vitabu viwili

Kuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo bado sijaimaliza: "Vitabu nimesoma viwili."

Inafanana na kangaruu wa Hale. Vitabu huleta PRED, viwili huleta idadi, na vikiungana tunapata shamirisho moja lililogawanyika, kwa njia ya pili. Ni maelezo mepesi, na mwanzoni niliyapenda. Kisha nikasikia mtu akisema "Matunda nimekula maembe tu." Matunda yana PRED na maembe yana PRED, kwa hiyo hayawezi kuungana kamwe, na bado sentensi ni nzuri. Maana yake Kiswahili kinaruhusu mada ya mbele kutaja kundi, huku shamirisho lililo ndani ya kirai likichukua sehemu ya kundi hilo. Njia hiyo ikishakuwepo, viwili vinaweza kuifuata pia, mradi viwe na PRED ya kiwakilishi. Na uwezo huo vinao, kwa kuwa anayeulizwa amesoma vitabu vingapi hujibu "Nimesoma viwili" na kitenzi hakidai zaidi. Upande wa watu, "Wanafunzi nimewaona wawili" inakubali maelezo hayohayo, -wa- ikiwa upatanisho tu na wawili wakibeba PRED. Kwa sasa naelemea upande huo, hadi nitakapopata sentensi ambamo neno la mwisho haliwezi kusimama lenyewe kama shamirisho, na bado linakubali kuachana na nomino yake.